Jino limeota, mzizi haujafunga

*Swali: Mimi ni karani hapa Mbeya. Daktari wa meno ameandika kuhusu kijana asiye na cheti cha kuzaliwa kwamba gego lake la pili la chini "limeota lakini mzizi haujafunga", na umri "unakadiriwa kuwa kati ya miaka 12 na 15". Mimi nikafupisha: "gego halijakomaa, ana miaka 14". Mkubwa wangu amekataa. Nimekosea wapi? Halafu "meno yamelika" si ni sawa na "yameoza"?*

Ndugu karani, mkubwa wako ana haki. Nimewahi kufasiri ripoti za namna hii nikiwa Iringa, na neno "kuota" lilinisumbua mimi pia mpaka daktari aliponionyesha picha ya eksirei.

Kuota ni kutoboa ufizi na kuonekana kinywani, basi. Mama yeyote hulitumia hivyo: mtoto ameota jino. Lakini jino huanza kuumbika ndani ya taya miaka mingi kabla ya siku hiyo, taji kwanza kisha mzizi, na linapoota mzizi bado haujaisha. Gego la pili huota karibu na miaka 12, ilhali mizizi yake hufunga miaka miwili mitatu baadaye. Kwenye picha niliyoonyeshwa, mzizi ulikuwa umefikia urefu wake, kuta zake mbili zikishuka sambamba, na chini kukabaki tundu wazi kama mwanzi uliokatwa. Mzizi ukikamilika, kuta hizo hukutana na tundu hujibana. Huko ndiko "kufunga".

Kwa hiyo daktari wako ametoa habari mbili. Kuota kunaonyesha kwamba kijana amekaribia au amepita miaka 12. Tundu lililo wazi linaonyesha kwamba hajapita sana 15. "Halijakomaa" imezimeza zote mbili, na msomaji anaweza kudhani jino halijatokeza kabisa.

Wapimaji wa umri huamini uumbikaji wa jino kuliko kuota, na sababu yake ni ya kawaida sana. Meno yakibanana, jino huchelewa kupata njia. Gego la utotoni liking'olewa mapema, jino la chini yake linaweza kuwahi au kukwama. Mzizi hauyumbishwi sana na hayo. Mwaka 1973 mtafiti Demirjian na wenzake walipanga hatua 8 za uumbikaji, kutoka A hadi H, kwa meno 7 ya upande wa kushoto wa taya la chini, na gego la kijana wako halijafika H, hatua ya mzizi kufunga. Ila vipimo vyao vilitoka kwa watoto wa Kanada wenye asili ya Kifaransa, na mahali pengi vimeonekana kumwongezea mtoto umri. Ndiyo maana daktari mwangalifu huacha nafasi.

Na nafasi hiyo ndiyo uliyoifuta. "Kukadiria" ni ndugu wa "kadiri": kuna kipimo, na kipimo kina upana. "Ana miaka 14" ni kauli ya mtu aliyeona cheti. Kwa kijana huyu huenda isidhuru, kwa kuwa 12 na 15 zote ziko chini ya 18, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto. Lakini ingekuwa gego la mwisho, ripoti ikasema kati ya 16 na 20, ukachagua 18 peke yako, ungekuwa umeamua kesi kwa kalamu ya karani.

Sasa "kulika". Mtu husema "jino limeliwa na wadudu", akimaanisha limeoza na kutoboka. Hapo kuna mlaji. "Limelika" halina mlaji: limepungua kwa kusagana na jino la juu yake, vilele vya gego vimekuwa bapa, na katikati dentini, tabaka la ndani la manjano, imechungulia. Kuoza hakusemi umri. Kulika husema kidogo, kwa watu wazima, kwa sababu gego la kwanza huota kwenye miaka 6, la pili kwenye 12: la kwanza limetangulia kazini miaka 6, na tofauti ya kulika kati yao ni kipimo cha vyakula vya mtu huyo mwenyewe. Bibi aliyekula unga wa kusagwa kwa jiwe, wenye chembe za mchanga, atakuwa na magego bapa kuliko mwenzake wa rika moja aliyekula wa mashine. Hapo upana wa makadirio huweza kufikia miaka 10 na zaidi.

Andika hivi: "Gego la pili la chini limeota, ncha ya mzizi wake haijafunga. Umri unakadiriwa kuwa kati ya miaka 12 na 15."