Nyie wapya wa benchi, zumaridi haiingii kwenye altrasoniki

Kijana wetu mpya alikuwa keshafungua kifuniko cha mashine ya altrasoniki, pete ya zumaridi inaning'inia kwenye waya, nikapiga kelele mpaka wateja wa mbele wakageuka. Halafu ananiuliza, "Mzee, si tuliosha yakuti asubuhi?" Haya, kaeni chini.

1. Maana ya kito mwachie mteja. Mtu aliyezaliwa Mei akikwambia zumaridi ni ya mapenzi, uaminifu na kuanza upya, mkubalie tu, Warumi wenyewe waliihusisha na Venus, mungu wao wa kike wa mapenzi. Lakini orodha ya vito vya miezi ya kuzaliwa tunayobandika ukutani si ya kale hivyo, wauza vito wa Marekani waliipanga 1912 na bado wanaiongeza, tanzanaiti iliingia Desemba mwaka 2002, spineli ikaingia Agosti 2016. Kwa hiyo mteja akitaka kito kingine cha kijani hajavunja mwiko wowote.

2. Ugumu si uimara. Hapa ndipo mimi niliungua. Zumaridi iko 7.5 mpaka 8 kwenye skeli ya Mohs, vumbi letu la Kampala lina chembe za kwatzi ambazo ni 7, nikajiambia basi hiki kito kiko salama. Sikuelewa kuwa Mohs inapima kukwaruzwa, haipimi kupasuka, na zumaridi karibu zote zina nyufa za ndani toka zilipokua ardhini, na nyingi hujazwa mafuta, mara nyingi ya mti wa mwerezi, ili nyufa zisionekane.

Dada mmoja alileta pete ipanuliwe, kwanjula yake, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, ilikuwa wikiendi ileile. Nikatoa kito kabla ya kulehemu, vizuri, nikang'arisha, nikarudisha kito, vizuri, halafu kwa sababu dawa ya kung'arishia ilikuwa imejibana chini ya kito nikaitumbukiza altrasoniki na maji ya moto nikaenda kunywa chai. Niliporudi kito kimepauka, ndani kuna mistari myeupe kama utando wa buibui. Mtikisiko na joto vilikuwa vimetoa mafuta. Nikakipangusa, nikakipulizia, nikakigeuza kwenye taa kama mjinga, mistari iko palepale. Bosi alichukua lupu, kile kioo cha kukuzia, akatazama, akairudisha mezani bila neno, heri angenitukana. Tulimpelekea fundi mwenye vifaa vya kurudisha mafuta, rangi ikarudi kiasi, lakini ufa mmoja ulikuwa umeongezeka mpaka ukingoni na huo mafuta hayauponyi. Dada alivaa pete ya kuazima kwenye kwanjula yake. Nililipa kwa kukatwa mshahara, na mpaka leo nikimwona mjini navuka barabara.

Basi fanyeni hivi: shika lupu ya 10x, inamisha kito chini ya taa, ukiona ufa unaofika juu ya uso, tena una mng'ao wa rangi rangi au kiputo, hesabu kina mafuta. Osha na maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini. Kuosha kwa mvuke hapana.

3. Mei bila kufilisika. Mteja anataka pete ya kila siku, anapanda boda, anafua, anapika? Mwonyeshe tsavoraiti, ganeti ya kijani iliyogunduliwa Tanzania 1967 na kuitwa kwa jina la Tsavo ya Kenya. Ni 7 mpaka 7.5, inakwaruzika kirahisi kidogo kuliko zumaridi, lakini kwa kawaida haina nyufa nyingi hivyo wala haiwekwi mafuta. Mvuke nao haiupendi. Ila kosa mnalorudia kila mwaka ni kuagiza kwa uzito wa karati! Tsavoraiti ni nzito, kito cha duara cha milimita 6 kikiwa zumaridi kinakaribia karati 0.8, kikiwa tsavoraiti ni karibu karati 1, mkiagiza 0.8 kitachezacheza kwenye pete. Agizeni kwa milimita. Na ikipita karati 2 hupatikana kwa shida na bei inaruka, hapo mwambieni mapema kabla hajaipenda. Zumaridi ya maabara nayo ni sawa kabisa, ni zumaridi kweli, mradi iandikwe hivyo kwenye risiti.

4. Miezi mingine haraka. Lulu ya Juni na opali ya Oktoba ni laini, zipelekeni kwenye hereni au kidani, na mtu wa Oktoba anayeng'ang'ania pete apewe tomalini. Yakuti nyekundu ya Julai ikimshinda bei, spineli nyekundu inamtosha. Tanzanaiti nayo, jamani, najua ni ya majirani zetu na inapendwa, lakini ni 6 mpaka 7 na inapasuka kwa joto la ghafla, kwa hiyo ikiwa lazima iwe pete, izungushiwe ukingo wa dhahabu pande zote, na yule atakayeishusha kwenye altrasoniki alipe yeye.