Kriketi laivu: kwa nini laini inashuka rani kumi kwa wiketi moja?

*Mkuu habari, mimi niko Jinja. Juzi mechi ya T20 nimebeti jumla ya rani juu ya 160.5 timu ikiwa 78 kwa wiketi 2 baada ya ova 10, ikatoka wiketi MOJA tu ova ya 11 laini ikawa 150.5. Halafu nilikuwa nimembeti namba tano wao kuwa topu betsmani, yaani mwenye rani nyingi kwenye timu, ndio kwanza anaingia uwanjani bei yake inapanda badala ya kushuka. Hawa jamaa wanatuibia ama?*

Hapana ssebo, hapo hawajakuibia, mimi kazi yangu ni kupanga hizo bei na ningefanya karibu vilevile. Wewe umeangalia wiketi peke yake, lakini umesema ova ya 11 ilitoka wiketi, hujasema ilitoa rani ngapi. Tuseme ilitoa 3, maana hiyo ndiyo ova ya kawaida mtu anapotoka na mgeni anaingia.

Tupige hesabu. Ukiwa 78 na laini ni 160.5, soko linasubiri rani 82 hivi kwenye mipira 60 iliyobaki, yaani nane na kidogo kila ova. Ova ya 11 ikileta 3 umeshapoteza tano hapohapo hata kama hakuna aliyetoka, na mipira hiyo sita hairudi. Tano zingine ndizo za wiketi yenyewe, kwa sababu aliyetoka alishazoea pichi na anayeingia atakula mipira kadhaa akitafuta macho, na wanaobaki wataogopa kidogo kupiga hewani. Tano na tano, kumi. Sasa wako 81 kwa 3 na mipira 54, laini ya 150.5 inadai kama 7.7 kila ova, si mchezo wa kitoto hata hivyo.

Wiketi hiyohiyo ingetoka ova ya 19 laini ingeshuka rani moja au mbili basi, maana mipira imeisha na kila anayeingia anapiga tu. Ndio maana nawaambia watu wasiulize wiketi ina thamani gani, waulize imebaki mipira mingapi ya kuiumia. Mapema kabisa kwenye pawaplei, zile ova sita za kwanza, nako haiumi sana kama wiketi ni ya kwanza na nyuma kuna watu, maumivu makubwa ni pale katikati ukipoteza mbili tatu za haraka, hapo timu inaacha kushambulia na laini inaporomoka.

Sasa huyo namba tano wako. Tuseme opena alikuwa na 41 na ndiye aliyetoka, namba nne yuko na 9, wako ana 0. Watu wengi wanamsahau aliyetoka kwa vile hayuko uwanjani, kumbe ndiye fevareti! Rani zake 41 ziko benki, hazipungui, wengine ndio wanatakiwa kumpita. Mipira 54 wawili wakigawana ni 27 kila mmoja, na hapo ni kama hakuna anayetoka mpaka mwisho. Namba nne anahitaji 33 kwenye 27, inawezekana kabisa. Wako anahitaji 42 kwenye 27, yaani karibu rani 156 kwa mipira mia, na asitoke, na namba nne asimtangulie. Kuingia kwake uwanjani kulimpa nafasi ya kupiga, ndiyo, lakini ova ya 11 ni mapema kidogo tu kuliko alivyotarajiwa, na alikuta kiwango cha kupita kiko juu. Kama opena angetoka na 18 bei ya namba tano ingeshuka vizuri tu.

Na pichi inaingia hapa, si pale watu wanapodhani. Kila mtu anajua pichi nzito inashusha jumla, hiyo kampuni imeshaiweka kwenye laini kabla hujafungua simu, huwezi kula hapo. Faida iko kwenye topu betsmani. Pichi laini mpira unakuja vizuri, maopena wanakula mipira mingi na wa chini hawaingii kabisa, kwa hiyo bei ndogo za maopena ni za haki. Pichi mbaya wa juu wanakufa mapema, na rani 30 zinatosha kuwa kinara. Kumbuka Cricket Cranes na Papua New Guinea kule Providence, Guyana, Kombe la Dunia la T20 2024: wale walitolewa 77, mkubwa wao alipata 15, na sisi tulishinda kwa wiketi tatu, Riazat Ali Shah akiingia timu inayumba akapata 33 kwa mipira 56. Hebu fikiria, mipira 56! Siku ya pichi laini mtu wa katikati hapati hata nusu yake. Dalili utaziona kwenye ova nne tano za kwanza: mpira unakwama ukigonga chini, mpigaji anazungusha mapema anautoa juu badala ya kuupeleka mbali, na kapteni anamleta spina mapema. Ukiona hivyo wa katikati ndio wa kuangaliwa.

Tosi sasa. Kabla ya tosi laini ya timu ni wastani wa hali mbili, ikipiga kwanza na ikipiga pili, na hizo hazifanani. Anayefukuzia anasimama akifikisha tageti. Wapinzani wakiweka 140, wewe ushindi ni 141, na hata ukiwa 140 ukamalizia na sita unaishia 146, kwa hiyo juu ya 150.5 imekufa bila kosa la mtu. Vilevile namba tano wa timu inayofukuzia anaweza kukaa na pedi zake mpaka mechi iishe, ndio maana bei yake inapanda dakika tosi inapoisha. Kwa mechi za usiku kule India kuna umande pia, mpira unaloa spina hashiki, makapteni wengi wanataka kufukuzia. Mechi ya asubuhi Lugogo umande huo usiufikirie, hapo kinachosumbua ni unyevu wa mapema kwa wapiga wa kwanza.

Kuhusu bei zenyewe, 1.85 juu na 1.85 chini maana yake unatakiwa upatie zaidi ya mara 54 kwa mia ndio usipoteze, na kwenye topu betsmani makato ya kampuni huwa mazito zaidi kwa sababu majina ni mengi. Chukua 100 gawanya kwa bei ya kila mchezaji, kisha jumlisha, utaona inavyopita mia kwa mbali. Halafu ile stream yako ya simu iko nyuma ya uwanja kwa sekunde kadhaa, soko likifungwa ghafla wewe bado unamwona bola anakimbia, ujue wiketi au sita imeshatokea, usihangaike kubofya.

Soma na sheria za kampuni kabla. Kwa kawaida mchezaji akiwa kwenye kikosi kinachocheza siku hiyo halafu asipate zamu ya kupiga, umepoteza, hawarudishi. Na wawili wakilingana juu dau linagawanywa: umeweka 10,000 kwa bei ya 5.00, nusu inalipwa, unapata 25,000 siyo 50,000.