Mwanaisha na Mwanahamisi: nani atangulie?

*Nafundisha gredi ya tatu huku Likoni. Nikiwapa watoto majina ya darasa wayapange kialfabeti, wanatazama herufi ya kwanza tu. Wakina Mwana- wote wanawekwa vivi hivi, "si wote ni M, mwalimu?" Na Salim na Salima nani aanze?*

Mwalimu, chukua daftari la hesabu, lile la miraba. Kila jina liandikwe kwa herufi kubwa, herufi moja mraba mmoja, majina yote yaanzie mstari mmoja wa kushoto. Kisha funika kwa rula na uisogeze kulia mraba kwa mraba. Pale herufi zinapotofautiana kwa mara ya kwanza, ndipo kesi inapoamuliwa, na zinazofuata hazina kauli tena.

MWANAISHA, MWANAKOMBO na MWANAHAMISI wanakwenda sawa miraba mitano. Wa sita una I, K na H. Basi Mwanahamisi, Mwanaisha, Mwanakombo.

Salim anamtangulia Salima, kwa kuwa mraba mtupu huja kabla ya herufi yoyote. Lakini hapa pana mtego: mtoto akishaona hivyo hujitungia kanuni kwamba jina fupi hutangulia. Mpime kwa Mwanaisha na Mwanahamisi. La kwanza lina herufi tisa, la pili kumi na moja, na bado hilo refu ndilo la mbele. Ufupi hufaa tu pale jina moja linapokwisha lote ndani ya jingine.

Kosa linalonishughulisha zaidi ni la Asha na Asia. Watoto wetu wamejifunza kusoma kwa silabi: a-sha, a-si-a. Kwao *sh* ni kitu kimoja, na wengi huiweka baada ya *s* zote, hivyo Asia anatangulia. Hawakosi kuhusu sauti, ni sauti moja kweli. Ila alfabeti hupanga herufi zilizoandikwa. Miraba inasema A-S-H na A-S-I, na H iko kabla ya I, kwa hiyo Asha ni wa kwanza. Wafungulie kamusi waone: *shamba* liko baada ya *seremala* na kabla ya *siafu*. Halikutengewa sehemu yake mwishoni mwa S. *Dh*, *th* na *ng* ni vivyo hivyo.

Silabi huwatatiza pia kwa Fatma na Fatuma, ambao mdomoni karibu ni jina moja. Mraba wa nne una M na U, Fatma anatangulia. Mkiwa na wakina Fatma wawili, acheni mraba mtupu na mwendelee na jina la baba.

Usisahihishe orodha kwa kutia vyema tu. Mwambie mtoto azungushie duara ule mraba ulioamua kati ya kila majina mawili yanayofuatana. Aliyepanga sawa kwa kubahatisha hutambulika hapo hapo: duara lake litakuwa kwenye herufi ya mwisho, au kwenye herufi mbili zinazofanana.