Mwombe dakika 15 na swali moja tu

Kila kundi jipya linapomaliza kozi ya cheti cha forodha cha Afrika Mashariki, simu yangu hapa mpakani Malaba hujaa ujumbe wa vijana wanaotaka "kuonana kidogo". Wengi siwajibu, na mawakala wenzangu wa forodha nao ni hivyo hivyo. Ujumbe wa kawaida unasema: "Habari mzee, nimemaliza kozi, naomba muda wako unifundishe mambo ya kliaringi." Kuusoma ni sekunde tano, kuujibu ni kazi ya mwaka mzima. Sijui kama anatafuta kazi, au nafasi ya mazoezi, au nauli ya kurudi kwao. Nikiwa na lori linalosubiri kuachiliwa na mteja anapiga simu kila dakika kumi, ujumbe wa namna hiyo nauweka kando, na kesho yake umeshafukiwa na mwingine.

Kuna wanaotuma "Habari" peke yake, halafu wanangoja niitikie ndipo waseme shida yao. Kuna wanaotuma sauti ya dakika nne, ambayo siwezi kuisikiliza mbele ya mteja. Wengine huanza na wasifu wa kurasa tatu. Hao wote wana haja ya kweli, lakini wananiachia mimi kazi ya kuitafuta.

Nitawaonyesha ombi moja nililolijibu siku ile ile. Lilitoka kwa binti wa Tororo, na nimemwomba ruhusa kulitumia. Baada ya salamu na jina lake, aliandika hivi:

"Nimemaliza kozi mwezi uliopita, niko mazoezini kwa wakala mmoja hapa Tororo. Namba yako nimepewa na mwalimu wetu wa somo la uainishaji, amesema nimtaje. Nina swali moja. Mashine ya kusaga mahindi imekuja kwenye makasha matatu haijaunganishwa, na mota ina invoisi yake peke yake. Nimesoma kanuni ya 2(a), naona vyote viingie 8437. Mwenzangu anasema mota iende 8501. Wewe ukipata mzigo kama huu, unatazama karatasi gani kwanza? Naomba dakika 15 za simu, Jumanne au Jumatano baada ya saa kumi na moja jioni. Ukiwa umebanwa, niandikie tu 'baadaye', nitaelewa."

Uainishaji ni kuupa mzigo namba yake ya ushuru: 8437 ni ya mashine za kusaga nafaka, 8501 ni ya mota za umeme. Tazameni alivyouliza. Angeuliza "uainishaji unafanywaje?", ningemwambia arudi darasani. Angeuliza mota inaingia namba gani, angekuwa anataka nimfanyie kazi ya ofisi yao, tena bila kuuona mzigo. Yeye aliuliza natazama karatasi gani kwanza. Jibu hilo halimo kwenye kitabu cha ushuru wala kwenye ASYCUDA, mfumo wa kompyuta wa forodha. Liko kichwani mwa mtu aliyeshika mizigo mingi, na naweza kulitoa bila kufungua faili lolote. Hicho ndicho kipimo ninachowapa vijana: kama mtaalamu anaweza kujibu akiwa ndani ya taksi kuelekea nyumbani, swali lako ni dogo vya kutosha. Kama lazima afungue kompyuta, lipunguze.

Kitu cha pili ni kwamba alinionyesha alipofika. Amesoma kanuni, ana msimamo wake, na anajua anapingwa wapi. Kwa hiyo sikupoteza dakika za mwanzo kumweleza kanuni ya 2(a) inasema nini, yaani kwamba kifaa kilicholetwa vipande vipande huhesabiwa kama kifaa kizima. Tuliingia moja kwa moja kwenye ugumu wenyewe.

Jumatano jioni akapiga kwa wakati. Nikamwambia aweke invoisi kando kwanza, kwa sababu muuzaji anaweza kugawa invoisi apendavyo. Aanze na hati ya usafirishaji wa shehena: je, makasha yote matatu yamo kwenye hati moja, kwa mpokeaji mmoja, yamefika pamoja? Kisha orodha ya upakiaji, aone kila kasha limebeba nini. Mwisho katalogi ya mtengenezaji, ili athibitishe kwamba mota ile ni ya mashine ile. Vikikubaliana vyote, mota inafuata mashine kwenye 8437 hata kama invoisi ni mbili. Mota ikija peke yake wiki mbili baadaye, kanuni haiibebi, kwa sababu inatazama kile kinachowasilishwa pamoja.

Hapo akauliza, "Na kama mota ziko mbili na mashine ni moja?" Swali hilo lilizaliwa na jibu langu, kwa hiyo halikunisumbua. Ile ya ziada ni kipuri, inatengwa na kwenda 8501. Nikaongeza kwamba mteja mwenye shaka anaweza kuomba uamuzi wa awali wa maandishi kutoka URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kabla mzigo haujafika, na hilo ni salama kuliko kubishana getini.

Dakika ya 14 akasema, "Muda wako unakaribia kwisha, mzee. Kuna mwingine unayefikiri nimuulize kuhusu vipuri?" Nikampa jina la mtu wa ghala anayejua mashine. Hakuomba kazi. Angeiomba, ningejua kwamba swali lilikuwa mlango tu, na kijana wa baadaye angekuta nimeufunga. Kazi ikija, huja kwa njia yake. Mimi mwenyewe hukumbuka nani alinipigia na nini aliuliza.

Siku tatu baadaye akatuma mistari miwili: makasha yalikuwa kwenye hati moja, mota ni moja, wametangaza yote 8437 na mzigo umetoka. Wengi huishia kwenye "asante sana, Mungu akubariki", nami sijui kama nilichosema kilifaa. Huyu akiandika tena, nitamjibu.

Wakati nao una uzito wake. Wiki ya mwisho ya Juni na ya kwanza ya Julai usimsumbue mtu wa forodha. Mwaka wa fedha unabadilika tarehe 1 Julai, viwango vinaweza kubadilika nao, na kila mteja anataka mzigo wake utoke kabla au baada ya siku hiyo. Anayeshughulikia pia ritani za kodi mwache mpaka tarehe 15 ya mwezi ipite, maana ndiyo siku ya mwisho ya VAT na PAYE. Asipojibu, ngoja wiki nzima, kisha mkumbushe mara moja kwa sentensi moja, ukirudia lile swali ili asitafute ujumbe wa zamani. Akinyamaza tena, tafuta mwingine.

Usiombe nakala ya entri ya mteja "kama mfano", hata ukiahidi kufuta majina. Hizo ni karatasi za watu, na wakala anayekutumia bila kufikiri si wa kujifunza kwake. Na ukimwandikia afisa wa URA badala ya wakala, usitaje chai wala soda ya shukrani. Tumia barua pepe ya kazi yake, uliza jambo la utaratibu, usiguse mzigo ambao bado uko mezani kwake.