Saa inayogoma kwenye 10:10, na chuma kinachotoka kama plastiki

*Habari kaka. Nauza saa na miwani hapa Sabasaba, Dodoma, na picha za tangazo natengeneza kwa akili mnemba. Chuma kinatoka kama plastiki, lenzi za miwani zinajaa mwanga mweupe, na saa kila mara inasoma saa nne na dakika kumi hata nikiandika saa mbili na nusu. Maandishi ya kwenye uso wa saa ndiyo hayasomeki kabisa. Niandike maelekezo gani?*

Habari nzuri dada. Watengenezaji wa saa wamezoea kuzipiga picha mishale ikiwa kwenye 10 na 2, kwa sababu inafunguka vizuri na kuliacha wazi jina lililo juu. Programu imejifunza kutokana na picha hizo, kwa hiyo umbo hilo ndilo inalolijua. Ukiandika kwa Kiingereza, angalia pia usije ukatafsiri saa yetu neno kwa neno: saa mbili na nusu asubuhi ni 8:30. Ni salama zaidi kueleza mishale ilipo, yaani mfupi katikati ya 8 na 9, mrefu kwenye 6. Hata hivyo mara nyingi itagoma.

Ndiyo maana mimi siiombi programu inichoree uso wa saa. Naiomba kasha, mkanda na mwanga, halafu uso naupandikiza kutoka kwenye picha ya saa yenyewe. Mteja akifika dukani lazima akute saa ileile aliyoiona.

Sasa chuma. Chuma kilichong'arishwa ni kioo, hakina rangi yake, kinaonyesha kilichokizunguka. Ukiandika "inang'aa, ya kifahari", mwanga unatapakaa kila upande na kingo zinayeyuka. Ukingo huonekana mkali pale tu weupe unapokutana na weusi. Kwa hiyo ieleze programu chuma kinatazamana na nini: taa kubwa laini upande mmoja, kadi nyeusi upande wa pili. Taja pia sehemu iliyopigwa brashi na sehemu iliyong'arishwa, maana tofauti ya hizo mbili ndiyo inayoondoa sura ya plastiki.

```
front view product photo of a steel wristwatch,
brushed case, narrow polished bevels,
large softbox on the left, black card on the right,
dark grey background, plain matte white disc as the dial
```

Mstari wa mwisho unaomba kisahani cheupe kitupu. Usiandike "no hands", kwa sababu programu nyingi zikiona neno "hands" huchora mishale hiyohiyo. Kama programu yako ina kisanduku cha `negative prompt`, yaani cha vitu usivyovitaka, andika humo `hands, numbers, text`.

Kisha chukua saa yako, itege kwenye 8:30 na uvute kitufe cha pembeni ili isimame. Ipige picha kivulini karibu na mlango, si kwenye jua letu la mchana. Simama kama nusu mita, vuta kwa zoom ya 2x, maana ukisogeza simu karibu sana duara linapinda. Funika kwa kitambaa cheusi upande wa simu unaotazama saa, ukiacha tundu la kamera tu. Kioo cha saa kitaakisi weusi, na namba zitasomeka. Fungua picha zote mbili kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, kata uso wa saa, uweke juu ya kile kisahani na uulinganishe kwa zana ya `Perspective`. Kama pete ya pembeni haijashikana vizuri, rudisha picha kwenye programu ya akili mnemba, funika pete peke yake kwa maski, uiache iirekebishe kwa nguvu ndogo ya kubadilisha, `denoising strength` ya 0.2 hadi 0.3. Ukigusa namba, zitaharibika upya.

Kuza hadi asilimia 200 uhesabu: alama 12, na vistari vinne kati ya kila mbili. Mshale mfupi ukiwa juu ya 8 kabisa wakati mrefu uko kwenye 6, picha ni ya uongo. Saa ya namba za Kirumi mara nyingi huandikwa IIII badala ya IV, kwa hiyo usiisahihishe kabla hujaitazama ile uliyo nayo mkononi.

Kwa miwani usiufute mwanga wote, kwani lenzi itaonekana kama fremu tupu. Andika kwamba taa iko juu na mikono ya miwani imeinuliwa kidogo nyuma, ili lenzi zitazame chini na mwanga uteleze kuelekea mezani. Bakiza mstari mmoja mwembamba karibu na ukingo wa juu, wenye ukijani hafifu kama lenzi zako zina tabaka la kupunguza mwako. Kisha linganisha lenzi mbili. Taa ni moja, kwa hiyo mstari wa kushoto na wa kulia lazima itokee upande uleule. Mmoja ukienda kwake, tengeneza upya.