Maswali na majibu: Kadi ya mtandao imebadilishwa, leseni imegoma

Fundi amenibadilishia kadi ya mtandao iliyoungua. Kompyuta iko sawa na intaneti ipo, ila programu yangu ya kukokotoa fremu za chuma haifunguki. Inatoa "Invalid host" na namba -9,57. Niisakinishe upya?

Usiisakinishe, utapoteza mchana bure. Programu yako ni nzima. Namba hiyo inatoka kwa FlexNet, mfumo wa leseni unaotumiwa na programu nyingi za uhandisi, nayo inasema mashine iliyotajwa kwenye faili la leseni siyo hii. Fungua faili hilo kwa kulisoma tu, utaona mstari wa namna hii:

```
INCREMENT fremu muuzajid 5.0 permanent uncounted HOSTID=00005e005310 SIGN="..."
```

Hiyo HOSTID ni anwani ya MAC ya kadi iliyoungua: tarakimu 12 zilizoandikwa ndani ya kadi yenyewe. Kwa leseni, kadi ndiyo ilikuwa kompyuta yako. Sasa uliza mashine inajitambulishaje:

```
lmutil lmhostid
```

Ikijibu 00005e00537a, na ile ya zamani haimo kabisa kwenye jibu, umeshapata chanzo. Kilichobaki ni kumwomba muuzaji akutolee faili jipya.

Mimi imenipa namba tatu kwa mpigo. Nitume ipi?

Moja tu, na hapa ndipo wengi wanapojiletea balaa la pili. Amri hiyo huorodhesha kila adapta inayoonekana wakati huo, zikiwemo za VPN, za mashine pepe, na ile ya kizimbani unapochomeka kompyuta mpakato. Ukifungia leseni kwenye adapta ya kizimbani, programu itafunguka mezani pako na kugoma ukienda nayo saiti. Endesha `getmac /v` kwenye Windows, au `ip link` kwenye Linux, uone namba ipi ni ya kadi ipi. Chomoa vya kuchomeka, zima VPN, kisha urudie `lmutil lmhostid`. Chagua kadi ya waya iliyo ndani ya mashine. Ya waifai mimi ningeiepuka, kwa sababu mfumo unaweza kuwa umewekwa ubuni anwani mpya kila unapoungana na mtandao.

Kwa nini nisiandike tu namba mpya juu ya ile ya zamani kwenye faili?

Kwa sababu ya SIGN. Hiyo ni sahihi iliyokokotolewa kutokana na mstari mzima, HOSTID ikiwemo. Gusa tarakimu moja na kosa litageuka kutoka -9 kuwa -8, yaani faili limechezewa. Kuna wanaokwenda kwenye mipangilio ya kadi na kuilazimisha itangaze anwani ya zamani. Wakati mwingine inakubali, lakini mikataba mingi ya leseni inakataza, na ukaguzi ukija itakuwa vigumu kujieleza. Muuzaji akikukuta hivyo, ombi halali litakwamia hapo hapo.

Muuzaji anataka maelezo kabla ya kutoa leseni mpya. Niandike nini?

Anachohofia ni mtu kuomba leseni ya pili kwa jina la "kadi imeharibika". Mwondolee hofu hiyo kwa barua pepe moja: namba ya mteja au ya leseni, jina na toleo la programu, HOSTID ya zamani, HOSTID mpya, tarehe ya matengenezo, na tamko kwamba kadi ya zamani imeondolewa na faili lake halitatumika tena. Ambatisha faili la zamani na jibu zima la `lmhostid`, kwa maandishi, siyo picha ya skrini; mtu anayenakili tarakimu kutoka kwenye picha huchanganya 8 na b. Wengi wana ukurasa wa wateja wa kujihudumia, ila huweka kikomo cha mara ngapi unaweza kuhamisha, na mkataba wa matengenezo ukiwa umeisha huenda ukadaiwa ada.

Faili jipya limefika, nimeliweka, kosa ni lile lile!

Soma mstari wa "License path" kwenye ujumbe wa kosa. Mara nyingi utakuta programu bado inasoma faili la zamani, kwa sababu njia yake imehifadhiwa kwenye kigeu cha mazingira cha mfumo kiitwacho `LM_LICENSE_FILE`, au kwenye rejista ya Windows chini ya `FLEXlm License Manager`. Hamisha faili la zamani kwenye folda nyingine na urekebishe njia.

Naweza kuomba leseni isitegemee kadi tena?

Uliza kama wanakubali namba ya diski, inayopatikana kwa `lmutil lmhostid -vsn` kwenye Windows. Haitikisiki ukibadilisha kadi. Lakini ni namba ya kizigeu, siyo ya diski yenyewe: ukiifomati inabadilika, na ukinakili diski nzima inakwenda nayo, ndiyo maana baadhi ya wauzaji huikataa.