"Different from", "to" au "than"?

"Niliandika 'The town is different than it was', mhariri akaikata 'than'. Je, nimekosea?"

Salaam. Kwanza tazama kinachofuata baada ya "different". Ikifuata nomino au kiwakilishi, kama katika "My answer is different from yours", "from" inakubalika Uingereza na Marekani pia, ilhali "to" ni ya Waingereza zaidi, nayo huwa ngeni masikioni mwa Wamarekani. Katika sentensi yako, hata hivyo, kinachofuata ni kishazi chenye kitenzi chake, "it was", na hapo "than" ni ya kawaida kwa Wamarekani, kwa kuwa "from" ingekulazimu kuongeza "what": "different from what it was". Mimi huandika hivyo mhariri anapofuata Kiingereza cha Uingereza, wala sibishani naye. Ila usibadilishe neno moja tu ukapata "different from it was", kwani hiyo ni kosa kokote.